Picha saba za wiski: Kifuniko, gundi na shingo ya chupa vinavyomuumbua anayejaza upya

NAMANGA. Picha saba ziliingia kwenye simu ya mama mmoja anayeuza vinywaji kwa jumla upande wa Tanzania saa nne asubuhi, kabla hajamaliza kupanga kreti za bia mbele ya duka lake. Zilitoka kwa kijana aliyejitambulisha kuwa ana mzigo Nairobi: katoni 20 za wiski ya nje, kila katoni ikiwa na chupa 12 za mililita 750, kwa bei iliyo chini kwa karibu robo ikilinganishwa na ya msambazaji wake wa siku zote. Alitaka nusu ya fedha itumwe kwa simu kabla ya jioni kwa sababu, kwa maelezo yake, kulikuwa na mteja mwingine Arusha anayeusubiri mzigo huo huo.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, hiyo ndiyo hali ya kila wiki. Mzigo haujaonwa kwa macho, muuzaji hajulikani kwao, na uamuzi wa fedha za miezi kadhaa unategemea picha. Chupa 240 zikiwa za kujaza upya, hasara si ya mtaji peke yake. Bidhaa ikikamatwa dukani, anayekamatwa nayo ni yeye, na mteja akiumia kwa kinywaji hicho, aliyekiuza ni yeye.

Mama huyo hakutuma fedha. Hakukataa pia. Alichukua rafuni chupa moja ya wiski hiyo hiyo, aliyoinunua kwa msambazaji wake, akaiweka mezani kando ya simu na kuanza kulinganisha picha moja baada ya nyingine. Bila chupa halali ya kulinganisha nayo, karibu kila dalili inayoelezwa hapa hupoteza nusu ya nguvu yake, maana viwanda hubadilisha lebo na vifuniko mara kwa mara, na kinachoonekana kigeni huenda ni toleo jipya tu.

Alianzia juu, kwenye kifuniko.

Chupa nyingi za vinywaji vikali hufungwa kwa kifuniko cha bati jepesi la alumini. Watu wengi hudhani kifuniko hicho hufika kiwandani kikiwa tayari na mistari ya kuzungushia, kisha hukazwa kama kizibo cha chupa ya maji. Sivyo. Hufika kikiwa kikombe laini kisicho na mistari. Mashine hukivisha kwenye mdomo wa chupa, kisha magurudumu madogo hukizunguka na kulibana bati likaingia kwenye mistari ya kioo. Gurudumu jingine huukunja ukingo wa chini uingie chini ya mbavu ya kioo iliyo shingoni. Kwa hiyo kifuniko halali hushika umbo la chupa yake yenyewe: mistari yake ni mikali na hulingana kina pande zote, na ukingo wa chini umelala kwenye kioo mzunguko mzima bila mwanya.

Sehemu ya chini ya kifuniko hicho ni pete, iliyounganishwa na sehemu ya juu kwa vipande vyembamba sana vya bati. Mnywaji anapokizungusha kwa mara ya kwanza, vipande hivyo hukatika, kofia ikatoka na pete ikabaki shingoni. Hapo ndipo anayejaza upya hupata taabu. Akitumia chupa yenye pete iliyokwisha kukatika, itamlazimu aigandishe kofia na pete kwa gundi, au aifunike sehemu hiyo kwa ganda la plastiki linalosinyaa kwa joto. Akitaka kifuniko kizima, itambidi akibandue pamoja na pete yake bila kukata vipande, kwa kukipasha moto na kukichokonoa kwa kisu, kisha akirudishe. Akinunua vifuniko vipya mitaani na hana mashine ya kubana, atavikandamiza kwa kifaa cha mkono. Kila njia huacha alama yake.

Katika picha ya nne, iliyopigwa karibu, mama huyo alikuza shingo ya chupa hadi ikajaa kioo cha simu. Upande wa kushoto, ukingo wa chini wa kifuniko ulikuwa umelala vizuri. Upande wa kulia ulikuwa umefunuka kidogo kama sketi, na kivuli chembamba kikaonekana kati ya bati na kioo. Mistari ilikuwa hafifu, kama iliyochorwa kwa kidole, ilhali kwenye chupa yake ya rafuni ilikuwa imekolea. Tena kifuniko chenyewe kilikuwa kimeinama kidogo. Mstari wa juu wa kifuniko ulipolinganishwa na mabega ya chupa, haukwenda sambamba nayo.

Dalili moja kama hiyo haitoshi kumhukumu mtu. Katoni ikidondoka au chupa zikigongana kwenye lori la barabara mbovu, kifuniko halali kinaweza kubonyea. Lakini kubonyea kwa kugongwa huwa mahali pamoja na huelekea ndani, wala hakufunui ukingo kuelekea nje. Anayeona ukingo umefunuka nje, hasa ukiwa na mikwaruzo midogo iliyosimama kama alama za ncha ya kisu, ana sababu ya kuuliza zaidi.

Baadhi ya chupa za bei ya juu huwa na kizuizi cha plastiki ndani ya mdomo, chenye kigololi au vali, kinachoruhusu kinywaji kutoka lakini si kurudi. Wajazaji hukabiliana nacho kwa kuking’oa kwa maji ya moto na kukirudisha, au kwa kutoboa tundu dogo kitakoni na kuliziba. Ndiyo maana picha ya kitako cha chupa, ambayo wauzaji karibu wote husahau kuituma, ina thamani. Kitako hicho hicho husema na umri wa chupa. Kioo kilichosafiri mara moja tu kutoka kiwandani huwa safi, ilhali chupa iliyokaa baa, ikatupwa kwenye gunia la chupa tupu na kuoshwa, huwa na ukanda mweupe wa mikwaruzo kuzunguka kitako na mabega.

Picha ya tano ilionyesha mgongo wa chupa, na ndiyo iliyomchukua muda mrefu kuliko nyingine zote.

Wiski ni angavu na kioo chake ni angavu, kwa hiyo ukiitazama chupa kutoka nyuma utaona mgongo wa lebo ya mbele kupitia kinywaji. Hapo ndipo gundi inapoonekana. Lebo ya karatasi inayobandikwa na mashine kwa gundi ya maji hupakwa gundi hiyo kwa kipimo: ama tabaka moja lililo sawa, ama mistari myembamba iliyo sambamba kama meno ya kitana, na kila chupa ya toleo hilo hufanana na mwenzake. Lebo ya kujinata, ile inayokuja na gundi yake kwenye roli, haina mistari kabisa. Mgongo wake ni sawia hadi ukingoni. Kiwanda kikishachagua mojawapo, hakitumii njia mbili ndani ya katoni moja.

Mkono haubandiki hivyo. Brashi huacha mawimbi mazito mahali pamoja na mapengo mahali pengine. Gundi ya ziada hutoka pembeni mwa lebo na kukauka ikawa mstari wa manjano au unaong’aa kwenye kioo. Mapengo yasiyo na gundi hugeuka mapovu, na pembe za lebo huinuka kwa sababu mbandikaji hakufika huko. Ikiwa lebo ya zamani ilitolewa kwa maji ya moto, kioo hubaki na ukungu wa gundi yake, na lebo mpya ikikaa juu au chini kidogo ya ilipokuwa ya kwanza, ukungu huo huchungulia kama kivuli cha mstatili.

Kwenye picha ya mama huyo, gundi ilionekana kama mapande manne makubwa, moja kila pembe, na doa katikati. Alipoizungusha chupa yake ya rafuni mbele ya dirisha, mgongo wa lebo yake ulikuwa na mistari myembamba iliyolingana kutoka juu hadi chini. Hapo, kwa mara ya kwanza, aliacha kushuku na kuanza kuamini kwamba kuna tatizo.

Hata hivyo, kuna lebo iliyokunjamana isiyo na hatia. Chupa iliyotiwa kwenye ndoo ya barafu, au katoni iliyonyeshewa mvua njiani, lebo yake hulainika na kuvimba. Lakini maji huacha madoa kwenye katoni pia, na huathiri chupa jirani. Muuzaji akisema mzigo ulinyeshewa, aombwe picha ya katoni yenyewe.

Kuhusu kiwango cha kinywaji ndani ya chupa, wafanyabiashara wengi hukosea pande zote mbili. Wapo wanaokataa mzigo mzuri kwa sababu kinywaji kiko chini kidogo, na wapo wanaopokea mbovu kwa sababu chupa moja waliyoonyeshwa imejaa vizuri.

Mama huyo alikaribia kukosea hapo. Chupa ya rafuni kwake ilikuwa imejaa hadi juu ya nusu ya shingo. Kwenye picha ya pili, kinywaji kilikuwa chini zaidi, karibu na mabega. Wengi wangesema papo hapo kwamba kimepunguzwa. Lakini pombe hutanuka kwa joto kuliko maji. Kinywaji chenye kilevi cha asilimia 40 hutanuka kwa karibu sehemu saba katika elfu moja joto linapopanda kwa nyuzi 10. Kwa chupa ya mililita 750, tofauti ya nyuzi 15 kati ya asubuhi ya baridi Nairobi na rafu ya duka la Namanga jua likiwaka ni kiasi cha mililita nane. Kiasi hicho ni kidogo, hakizidi vijiko viwili vidogo vya chai. Ila shingo ya chupa ni nyembamba. Ikiwa upana wake wa ndani ni sentimita mbili, mililita hizo nane hupanda au kushuka kwa sentimita mbili na nusu. Kwa hiyo chupa ile ile, haijaguswa na mtu, inaweza kuonekana imejaa Namanga na imepungua Nairobi.

Kwa sababu hiyo, kulinganisha kiwango cha chupa ya picha na chupa ya dukani kwako hakufai. Kinachofaa ni kulinganisha chupa za katoni moja, zikiwa zimesimama pamoja mahali pamoja. Mashine za kiwandani hujaza kila chupa kwa namna moja, na tofauti kati ya chupa na chupa huwa ya milimita chache, inayotokana na kioo chenyewe. Anayejaza kwa jagi na faneli hukadiria kwa jicho. Chupa zake sita zikipangwa mstari, vichwa vya kinywaji hupanda na kushuka kama ngazi.

Nayo kamera hudanganya. Picha ikipigwa kutoka juu, chupa ya mbele huonekana ina kinywaji cha chini kuliko ya nyuma. Simu ikiwa karibu sana, chupa za pembeni huonekana zimeinama. Picha inayofaa hupigwa simu ikiwa kwenye usawa wa shingo, hatua moja na nusu hivi kutoka kwenye meza, na ukuta mweupe au dirisha likiwa nyuma ya chupa.

Basi akamwandikia kijana yule, kwa upole, akimuomba picha nne zaidi: chupa sita za katoni moja zikiwa mstari mmoja mbele ya dirisha, vitako vya chupa tatu, stempu za chupa hizo sita kwa karibu, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono jina la duka lake iwekwe mbele ya chupa. Karatasi hiyo ni ya kuhakikisha kwamba mzigo upo na uko mikononi mwa anayeuuza, maana picha ya wiski nzuri ya mtu mwingine hupatikana popote mtandaoni. Alimuomba pia azitume kama faili na si kama picha ya kawaida. WhatsApp hupunguza ubora wa picha za kawaida ili ziende haraka, na kinachopotea kwanza ni vitu vidogo kama mistari ya gundi na tarakimu za stempu.

Majibu yalichukua saa tatu. Zilikuja picha mbili badala ya nne. Karatasi haikuwepo, wala vitako.

Picha ya kwanza ilikuwa ya chupa sita mbele ya dirisha. Nne zilikuwa na kiwango kimoja, na mbili zilikuwa chini kwa upana wa kidole. Zote zilikuwa mezani pamoja, kwenye mwanga mmoja na joto moja, hivyo hali ya hewa isingeweza kusingiziwa. Kitu kingine kilijitokeza ambacho hakukiomba: lebo hazikuwa kwenye mstari mmoja. Mashine hubandika kila lebo kwa kimo kile kile, na chupa zikipangwa, kingo za juu za lebo huungana zikawa kama mstari uliopigwa kwa rula. Hapa ya tatu ilikuwa juu, na ya tano ilikuwa imeinama upande.

Picha ya pili ilikuwa ya stempu, na ndiyo iliyomaliza mazungumzo. Kila chupa hupewa stempu yenye namba yake peke yake. Kwenye picha ile, namba za stempu mbili zilisomeka vizuri, na zilikuwa namba moja. Anayenakili stempu kwa mashine ya kuchapisha hunakili na namba yake, na mara nyingi huwa na nakala ya stempu moja au mbili tu. Muuzaji anayetuma picha ya stempu moja hafichui hilo. Anayeombwa sita hulifichua mwenyewe.

Lakini hata kama namba zingetofautiana, stempu zile zilikuwa na kasoro nyingine inayowahusu wavuka mpaka kuliko mtu yeyote. Zilikuwa na alama za Kenya. Stempu ya KRA huthibitisha kwamba ushuru umelipwa kwa bidhaa ya kuuzwa Kenya. Chupa inayouzwa Arusha inatakiwa kuwa na stempu ya TRA, na inayouzwa Uganda iwe na ya URA. Wiski halali kabisa yenye stempu ya Nairobi, ikipitishwa kwa njia za panya hadi rafu ya Tanzania, ni bidhaa isiyolipiwa ushuru, na afisa anayeingia dukani hatauliza kama kifuniko kilikuwa kizuri.

Stempu yenyewe inaweza kuhakikiwa kwa simu. Kenya hutumia programu ya Soma Label, Tanzania ina Hakiki Stempu, na Uganda ina Kakasa. Ubora wa programu hizo ni kwamba husoma alama na kutaja bidhaa ambayo stempu ilitolewa kwa ajili yake. Stempu halali iliyobanduliwa kwenye chupa ya kinywaji cha bei rahisi na kubandikwa kwenye wiski itasomeka kuwa ni ya kweli, lakini jina litakalotokea halitakuwa la wiski hiyo. Wengi husoma neno la kuthibitisha na kufunga simu bila kusoma jina la bidhaa. Na kuhakiki kwa picha iliyotumwa hakutoshi, maana picha inaweza kuwa ya chupa moja nzuri kati ya 240. Kazi hiyo hufanywa mzigo ukiwa mbele yako, kwa chupa utakazochagua wewe mwenyewe kutoka chini ya rundo.

Lipo jambo ambalo picha haiwezi kulieleza hata ikipigwa kwa kamera bora kiasi gani, nalo ni kilichomo ndani. Methanoli, kilevi chenye sumu kinachopofusha na kuua, haina rangi, na harufu yake inakaribiana na ya kilevi cha kawaida. Kuitikisa chupa na kutazama mapovu huonyesha kwa makadirio tu kama kinywaji ni kikali au hafifu. Kuwasha kinywaji kwa kiberiti ili kutazama rangi ya moto hakutenganishi mchanganyiko wa viwili hivyo. Maabara ndiyo inayoweza kusema. Kifuniko, gundi na kiwango huonyesha kwamba mtu ameifungua chupa baada ya kiwanda. Alichokitia baada ya hapo hakionekani. Ndiyo maana chupa iliyoonyesha dalili hizo haifai kuonjwa ili kupata uhakika, na aliyekwisha kuinywa akaanza kuona ukungu machoni, hata ikiwa ni siku inayofuata, anatakiwa kufikishwa hospitali mara moja na chupa yenyewe ipelekwe pamoja naye.

Jioni kijana alipiga simu mara mbili. Mara ya pili alishusha bei tena, akasema yuko tayari kupokea robo tu ya fedha. Mama huyo alimjibu kwamba atanunua mzigo ukifika dukani kwake ukiwa na karatasi za forodha na stempu za Tanzania, na kwamba atachagua mwenyewe chupa za kukagua. Namba hiyo haikupiga tena.

Picha tisa bado ziko kwenye simu yake, na ile ya mgongo wa chupa ameionyesha kwa majirani wawili wa soko waliowahi kutumiwa mzigo wa bei kama hiyo. Kitu kimoja amekibadilisha dukani. Zamani kila Ijumaa alikuwa akimuuzia mkusanyaji chupa tupu za wiski anazorudishiwa na baa za jirani, zikiwa na vifuniko vyake na maboksi yake, kwa bei nzuri kuliko ya chupa nyingine zote. Hakuwahi kujiuliza kwa nini boksi la karatasi liwe na bei. Sasa msaidizi wake huchana maboksi, hukata vifuniko kwa koleo na kuzivunja chupa ndani ya gunia kabla mkusanyaji hajafika, na mkusanyaji amelalamika kwamba vioo vilivyovunjika havimlipi.